Kutoka daftari hadi simu: namna ya kuhifadhi namba za kamati na kuzigawa bila kuzipoteza



Mwezi wa Januari 2025 vita vilipofika mjini Goma, na katika wiki zilizofuata, maelfu ya familia ziliondoka katika kambi zilizokuwa kandokando ya mji. Wengine walielekea Masisi, wengine Rutshuru, wengine Minova, na wengine walivuka mpaka. Kamati moja tuliyokuwa tukifanya nayo kazi ilikuwa na orodha ya watu 46: wakuu wa bloki, wawakilishi wa akina mama, vijana wa ulinzi na wazee wanaosuluhisha ugomvi. Orodha hiyo iliandikwa katika daftari moja, na daftari lilikuwa kwa mtu mmoja. Bahati njema, katibu wa kamati alikuwa ameiandika pia katika kompyuta, kwenye jedwali la Excel. Tulipoketi naye ili kuingiza majina hayo yote ndani ya simu, jaribio la kwanza lilitushinda kabisa. Katika somo hili tunawaeleza kilichotokea, tulivyokitengeneza, na namna ya kugawa kadi moja yenye namba kadhaa.

Kilichotuharibikia mara ya kwanza

Katibu alikuwa ameandika namba zote kwa kuanza na +243, kama inavyotakiwa. Alihifadhi faili, tukaiingiza katika simu, na majina yote 46 yakaonekana. Tulifurahi. Lakini tulipofungua jina la kwanza, mahali pa namba palikuwa pameandikwa hivi: 2.43991E+11. Jina la pili vilevile, na la tatu vilevile. Majina yalikuwa yamefika, lakini hakuna hata mtu mmoja tuliyeweza kumpigia.

Sababu ni hii. Excel ni programu ya mahesabu. Ukiiandikia +243 na tarakimu tisa zinazofuata, haidhani kwamba ni namba ya simu; inadhani ni hesabu kubwa sana. Kwanza inaondoa alama ya kujumlisha. Kisha, kwa kuwa tarakimu ni 12, inaifupisha katika maandishi ya wanasayansi. Ukiandika namba kwa kuanza na 0, yaani 099 na kuendelea, inaondoa ile sifuri ya mbele, kwa sababu katika hesabu sifuri ya mbele haina maana.

Hatari kubwa zaidi inakuja wakati wa kuhifadhi. Simu haisomi jedwali la Excel lenyewe. Inahitaji faili rahisi ya maandishi inayoitwa CSV. Excel inapotengeneza CSV, inaandika kile kinachoonekana kwenye kioo, si kile kilichofichwa ndani. Kwa hiyo zile tarakimu za mwisho zinapotea moja kwa moja katika CSV, na hakuna dawa ya kuzirudisha kutoka humo. Kilichotuokoa ni kwamba faili ya kwanza, ile yenye mwisho wa .xlsx, ilikuwa bado ipo, na ndani yake tarakimu zote 12 zilikuwa salama. Hivyo kanuni ya kwanza ni hii: usifute faili ya .xlsx, wala usifute daftari, mpaka umepiga simu kwa watu kadhaa na kuhakikisha kwamba zinaita.

Kutengeneza safu ya namba

Kama unaanza jedwali jipya, jambo ni rahisi. Kabla ya kuandika namba yoyote, chagua safu yote ya namba, bonyeza kitufe cha kulia cha panya, ingia katika «Format de cellule», kisha chagua «Texte». Kuanzia hapo Excel itaacha kila namba kama ulivyoiandika. Utajua kwamba imekubali kwa sababu maandishi hukaa upande wa kushoto wa kisanduku, wakati hesabu hukaa upande wa kulia.

Kama namba zimekwisha kuandikwa, huna haja ya kuanza upya. Sisi tulifanya hivi: namba zilikuwa katika safu ya B. Katika safu tupu pembeni tuliandika kanuni ifuatayo, kisha tukaivuta chini hadi mstari wa mwisho.

```
=SI(B2="";"";"+243"&DROITE(SUBSTITUE(B2;" ";"");9))
```

Kanuni hii ni ya Excel ya Kifaransa, ambayo ndiyo tunayoikuta katika kompyuta nyingi za hapa kwetu. Kazi yake ni hii: inaondoa nafasi zilizoachwa katikati ya tarakimu, inachukua tarakimu tisa za mwisho tu, na kuzitangulizia +243. Namba za simu za Kongo zina tarakimu tisa baada ya 243, kwa hiyo iwe mtu aliandika 099, au 99 bila sifuri, au 24399, zote zitatoka katika sura moja iliyo sahihi. Kisanduku kikiwa kitupu, kinabaki kitupu. Kanuni hii inaondoa nafasi peke yake. Kama mwandishi alitia vistari au nukta kati ya tarakimu, zifute kwanza.

Tunapendelea +243 kuliko 0 kwa sababu ya hali yetu. Jamaa aliyevuka hadi Gisenyi au Kampala na kununua laini ya huko hawezi kukupata kwa 099. Kwa +243 atakupata popote alipo. WhatsApp nayo inamtambua mtu kwa urahisi zaidi namba ikiwa na alama ya nchi.

Lakini angalieni mtego mmoja ambao nusura utunase. Katika ile orodha ya watu 46, watu wanne walikuwa na namba za Rwanda na Uganda, yaani +250 na +256. Namba hizo nazo zina tarakimu tisa baada ya alama ya nchi. Kanuni yetu ilizikata na kuzitia +243, zikawa namba za Kikongo zinazoonekana safi kabisa, lakini za uongo. Kosa la namna hii halionekani kwa macho. Unaweza kumpigia mtu usiyemjua na kumweleza mambo ya familia ambayo hayamhusu. Kwa hiyo, kabla ya kutumia kanuni, tenga namba zote za nchi nyingine na uziandike kwa mkono katika safu iliyowekwa «Texte».

Kuandaa faili ya CSV

Namba zikiwa safi, mstari wa kwanza wa jedwali unapaswa kuwa na vichwa ambavyo programu ya Google Contacts inavitambua. Njia ya uhakika ya kuvipata ni kuingia contacts.google.com kwenye kompyuta, kuandika mtu mmoja wa mfano mwenye namba mbili, kisha kubonyeza «Exporter» na kuchagua «Google CSV». Faili utakayopewa ina vichwa vyote halisi. Acha vile unavyohitaji na ufute vilivyobaki. Kwetu vilikuwa hivi, na tumeweka X mahali pa tarakimu ili tusitoe namba ya mtu:

```
First Name,Last Name,Phone 1 - Label,Phone 1 - Value,Phone 2 - Label,Phone 2 - Value
Furaha,B3,Mobile,+24399XXXXXXX,Home,+24381XXXXXXX
```

Tazameni kwamba kila namba ina nafasi yake: safu moja ya jina la namba, na safu moja ya namba yenyewe. Usiweke namba mbili katika kisanduku kimoja na kuzitenga kwa mkwaju, kama tunavyofanya katika daftari. Simu itaziunganisha kuwa namba moja ndefu isiyoita. Kama mtu ana laini tatu, ongeza «Phone 3 - Label» na «Phone 3 - Value».

Jedwali likiwa tayari, ingia «Enregistrer sous» na uchague aina ya «CSV UTF-8 (délimité par des virgules)». Neno UTF-8 ndilo linalolinda majina kama Désiré na Françoise. Bila hilo herufi zenye alama hugeuka kuwa vichekesho.

Hapa pana mtego wa pili. Ingawa jina la aina hiyo linataja mikato, kompyuta iliyowekwa kwa Kifaransa hutenganisha kwa nuktamkato, kwa sababu katika Kifaransa mkato umekwisha kutumika katika desimali. Google inatarajia mikato. Ikikuta nuktamkato, inaweza kukataa faili, au ikauchukua mstari mzima kuwa jina la mtu. Ndiyo maana baada ya kuhifadhi tunaifungua faili katika «Bloc-notes», si katika Excel. Tukiona alama ya ; kati ya maneno, tunabonyeza Ctrl+H, tunaandika ; juu na , chini, kisha «Remplacer tout», na kuhifadhi. Hakikisha kwanza kwamba hakuna mkato ndani ya majina yenyewe.

Na usiifungue tena CSV kwa Excel kwa kubofya mara mbili ili kuitazama. Excel itazigeuza tena namba kuwa hesabu, na ukihifadhi umerudi pale tulipoanzia.

Kuingiza katika simu

Usianze na watu wote. Tengeneza faili ndogo yenye mistari mitatu tu: mtu mwenye namba moja, mtu mwenye namba mbili, na mtu mwenye jina lenye herufi ya alama. Katika contacts.google.com bonyeza «Importer», chagua faili hiyo, na usubiri. Kisha chukua simu ya Android yenye akaunti hiyohiyo ya Google na uangalie kama intaneti ipo na kama usawazishaji wa kontakti umewashwa katika mipangilio ya akaunti. Baada ya muda mfupi majina matatu yatatokea. Fungua kila moja, piga simu, na uone kama inaita. Yakiwa sawa, futa hao watatu na uingize orodha nzima.

Kila unapoingiza faili, Google huwapa watu hao lebo yenye tarehe ya siku hiyo. Lebo hiyo ni msaada mkubwa: ukigundua kosa, unafungua lebo, unachagua wote waliomo na kuwafuta, bila kugusa namba za jamaa zako wa zamani. Usiingize faili ileile mara ya pili juu ya ile ya kwanza, kwa sababu kila mtu anaweza kutokea mara mbili, mmoja mwenye namba nzuri na mwingine mwenye namba mbovu, nawe hutajua ni yupi.

Mwishoni hesabu. Orodha yetu ilikuwa na watu 46, na lebo ilionyesha 46. Kama ingeonyesha 45, tungerudi kutafuta mstari ulioanguka kabla ya kuondoka mezani.

Simu ikikuuliza mahali pa kuhifadhi, usichague laini, yaani ile kadi ndogo ya simu. Kwa kawaida laini huhifadhi jina fupi na namba moja tu. Namba ya pili itapotea, au mtu mmoja atagawanyika kuwa watu wawili.

Kadi moja, namba kadhaa

Tukifika hapo, katibu alikuwa na orodha nzima katika simu yake. Lakini familia zilizotawanyika hazikuhitaji majina 46. Zilihitaji kitu kimoja: mahali pa kupiga likitokea jambo. Prezidenti wa kamati alitoa wazo kwamba tutengeneze kadi moja, si ya mtu bali ya kamati, yenye namba tatu. Mtandao wa kwanza ukianguka, unapiga wa pili. Mmoja akiwa hana chaji, mwingine atajibu.

Tuliiita kadi hiyo «Kamati ya Amani 2025-04», yaani mwaka na mwezi iliyotengenezwa. Namba ya prezidenti tuliipa jina la «Mobile», ya mwakilishi wa akina mama «Home», na ya kijana wa zamu ya usiku «Work». Tulitumia majina haya ya kawaida kwa makusudi. Unaweza kubuni jina lako, kama «Usiku», lakini kadi ikifika katika simu ya aina nyingine, jina la kubuni mara nyingine hupotea na namba hubaki bila maelezo. Kwa hiyo maana ya kila jina ilitangazwa kwa mdomo na kuandikwa katika ujumbe ulioambatana na kadi.

Kadi ya mawasiliano, ukiifungua kwa maandishi, ni faili ndogo sana yenye mwisho wa .vcf:

```
BEGIN:VCARD
VERSION:3.0
N:;Kamati ya Amani 2025-04;;;
FN:Kamati ya Amani 2025-04
TEL;TYPE=CELL:+24399XXXXXXX
TEL;TYPE=HOME:+24381XXXXXXX
TEL;TYPE=WORK:+24384XXXXXXX
END:VCARD
```

Kila mstari wa TEL ni namba moja. Ukiielewa sura hii utaelewa pia kwamba kadi hubeba chochote ulichokiandika: anwani, picha, na yale maelezo mafupi uliyojiandikia mwenyewe chini ya jina la mtu. Kama uliandika «anakaa nyuma ya kanisa» au «alitoa ushuhuda», kadi inaweza kwenda na maneno hayo hadi kwa mtu usiyemjua. Katika maeneo ambako simu hukaguliwa njiani, maneno hayo yanaweza kumdhuru mwenye jina na mwenye simu pia. Katika orodha yetu tulifuta maelezo yote na kubakiza jina moja na bloki.

Kwa kutuma kwa WhatsApp, fungua mazungumzo, bonyeza alama ya kuambatisha, chagua «Contact», kisha chagua kadi. Kabla ya kutuma, WhatsApp inakuonyesha kadi na namba zake zote, kila moja ikiwa na alama ya kuchaguliwa. Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Kama mwakilishi wa akina mama hataki namba yake ifike kwa kikundi fulani, ondoa alama kwenye namba yake, kisha tuma. Namba iliyotumwa hairudi.

Pasipo intaneti, kadi inapita pia kwa Bluetooth: fungua kadi katika simu, bonyeza «Partager», chagua Bluetooth, na mwenzako apokee. Akiifungua, simu yake itamwuliza kama aihifadhi. Kwa mwenye simu ya kawaida ya vitufe, msimtumie kadi, maana nyingi haziwezi kuhifadhi namba tatu chini ya jina moja. Mwandikieni ujumbe mfupi wenye namba tatu, kila moja katika mstari wake, naye azihifadhi kwa majina Kamati 1, Kamati 2 na Kamati 3.

Kumbukeni kwamba kadi ni nakala. Kijana wa zamu akibadilisha laini, kadi zilizokwisha kutumwa hazibadiliki. Ndiyo sababu tuliandika mwaka na mwezi ndani ya jina. Familia ikipokea «Kamati ya Amani 2025-07», inajua kwamba ile ya mwezi wa nne ifutwe.

Kabla ya kuondoka mezani

Tulifanya kazi hii katika kompyuta ya kukodi. Tulipomaliza tulitoka katika akaunti ya Google, tukafuta CSV na jedwali katika kompyuta hiyo, na pia katika kikapu cha takataka. Jedwali lenyewe lilibaki katika flashi moja iliyotunzwa na mzee wa kamati. Na kabla ya yote hayo, katibu alikuwa amempigia kila mtu na kumwuliza kama anakubali namba yake iingie katika orodha. Wawili walikataa. Hatukuwauliza sababu, tuliwafuta, na hesabu yetu ikawa 44.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Orodha ya namba za kamati yetu iko mikononi mwa nani leo? Huyo akihama ghafla, nani mwingine anayo?

2. Tukitengeneza kadi moja ya namba tatu, ni akina nani watatu watakaojibu, na je, wanatumia mitandao tofauti?

3. Katika simu zetu, tumeandika maneno gani chini ya majina ya watu ambayo hatungependa mgeni ayasome?